Kona Iliyokatwa

Zaitun alikuwa akimdurufia mama mmoja cheti cha kuzaliwa cha mwanawe pale Nassibu, dereva wa bodaboda anayeegesha mbele ya duka, alipoingia bila hodi. Nassibu si mtu wa kuingia bila hodi. Ni baba wa watoto wanne, mpole, na kila asubuhi humfagilia Zaitun kibaraza bila kuombwa.

"Dada Zaitun, hii umeiona?" Akamwekea simu usoni.

Zaitun alivaa miwani. Kwenye simu palikuwa na picha ya mwanamume wa makamo amevaa kofia nyeupe ya mviringo na shati la mikono mirefu. Mkono wake mmoja ulikuwa umeshika usukani wa baiskeli yenye gunia kubwa kwenye keria. Mkono wa pili ulikuwa umemshika mtoto wa kike wa miaka kama sita, mwenye gauni la njano. Nyuma yao kulikuwa na mikorosho na njia ya vumbi. Chini ya picha mtu alikuwa ameandika: HUYU NDIYE MWIZI WA WATOTO. JUMANNE ALIKUWA MTUNDA. MKIMWONA MSIMWACHIE.

"Wamemkamata," Nassibu alisema. "Shemeji yangu yuko Nyamwage, kanipigia sasa hivi. Muuza mikeka mmoja, yuko ofisi ya kijiji. Watu wamejaa nje, wanataka wapewe."

Zaitun aliketi. Alimrudishia yule mama cheti chake na nakala, akasahau kuchukua pesa, na yule mama, kwa wema wake, akaiweka noti taratibu chini ya stepla akaondoka.

Zaitun alimjua yule mtu wa kwenye picha. Alijua kwamba hana jina, hana kwao, wala hakuzaliwa na mama. Alitoka ndani ya duka hili hili, wiki tatu zilizopita, kabla chai ya saa nne haijapoa.

Ilikuwa hivi. Shirika moja dogo la kulinda watoto lilitaka bango la kubandika kwenye zahanati na shule. Kwa kuwa hakuna mtu mwenye akili zake angekubali kupigwa picha akiigiza mwizi wa watoto, Kudra, mtoto wa kaka yake Zaitun na msaidizi wake dukani, alisema watumie akili mnemba. Aliandika kwenye simu yake maneno mawili matatu: mwanamume wa pwani, baiskeli, gunia, mtoto, mikorosho. Baada ya muda mfupi yule mtu akatokea, na makunyanzi yake, na vumbi kwenye viatu vyake. Zaitun alikumbuka alivyosema, "Makubwa! Kama namjua vile."

Chini kulia, karibu na mguu wa mtoto, picha ilikuja na alama ndogo nyeupe kama nyota. Kudra alimweleza kwamba ile programu huiweka ili watu wajue picha haikupigwa na kamera. Akasema tena kwamba ndani ya faili mna taarifa nyingine zisizoonekana kwa macho, zinazosema imetengenezwa na nani, lini na kwa njia gani, na kampuni imezitia sahihi yake. Na kwenye rangi zenyewe, alisema, kuna alama ya siri ambayo mashine ya kukagulia huweza kuisoma.

"Hiyo nyota tuiache, shangazi."

"Mteja atasema ni doa," Zaitun alijibu. "Tena iko pale pale ninapotaka kuweka namba ya simu."

Akaikata ile kona, kwa mkono wake. Ili moyo wake utulie, akaandika mstari mmoja wa herufi ndogo chini kabisa ya bango: Picha ya mfano, imetengenezwa kwa akili mnemba. Bango likachapwa, likafunikwa kwa plastiki ya laminesheni, likaenda zake.

Sasa alijaribu kumpigia Kudra. Kudra alikuwa amekwenda deltani, kisiwani kwa dada yake aliyejifungua, na kule mtandao hupatikana gatini tu, ukisimama karibu na marundo ya boriti za mikoko. Simu ilisema hapatikani.

"Nassibu," Zaitun alisema, "huyo mzee hana kosa. Hiyo picha nimeitengeneza mimi."

Nassibu alimtazama, kisha akatazama nje kama anayehofia kuna mtu kasikia. "Usiyarudie hayo kwa sauti," alisema. "Watakuja huku."

"Nipeleke Nyamwage."

"Dada, watu wamepandwa na wazimu kule."

"Ndiyo maana nasema nipeleke."

Nassibu aliuma mdomo. Akaenda kuleta kofia ngumu ya pili, akampangusia kioo chake kwa pindo la shati lake.

Zaitun aliwahi kufungua kompyuta kabla ya kutoka. Picha ilikuwemo. Aliiburuta kwenye ukurasa wa kukagulia ambao Kudra alimwonyesha siku ile, akangoja. Ukurasa ukajibu kwamba faili hili halina taarifa zozote za asili yake. Aliirudia mara ya pili, ikawa vile vile. Ndipo alipokumbuka namna picha ilivyofika kwenye kompyuta: Kudra aliituma kwa WhatsApp kwenye namba ya duka, kama wanavyofanya kwa kila kitu, barua za kazi, picha za pasipoti na kadi za harusi. Na Kudra mwenyewe ndiye aliyemwambia zamani kwamba WhatsApp, ukituma kitu kama picha, huibana iwe nyepesi na huyatupa yale maandishi ya ndani. Walikuwa wameyatupa wenyewe, siku ya kwanza, bila hata kufikiria.

Alichapa bango moja, akalikunja, akalitia kwenye mkoba.

Walipita Ikwiriri, wakavuka daraja la mto, na kila walipopunguza mwendo penye matuta Zaitun aliwaona watu wameinamia simu vikundi vikundi. Alidhani wote wanatazama picha yake. Huenda wengine walikuwa wanatazama mpira.

Ofisi ya kijiji ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la nondo. Mbele yake walisimama watu wasiopungua mia. Hawakuwa wakipiga kelele, na hilo lilimtisha Zaitun kuliko kelele. Walikuwa wamesimama tu, wanangoja, na chini ya nguzo moja nyembamba ya umeme paliwekwa matairi mawili ya pikipiki yaliyochakaa. Hewa ilinuka petroli. Baiskeli ya mzee ilikuwa imelala chali, na mikeka ya ukindu imetawanywa na kukanyagwa.

Mlangoni, kwenye kiti cha plastiki, alikaa askari mmoja wa kike, bunduki magotini. Beji yake iliandikwa Hafsa. Pembeni yake alisimama Haruna, mtendaji wa kijiji, shati limemganda mgongoni kwa jasho. Askari mwenzake Hafsa alikuwa ameondoka na pikipiki kwenda kuita gari.

"Salaam aleikum," Zaitun alisema.

"Waaleikum salaam, mama. Rudi ulikotoka, hapa si pazuri," Hafsa alijibu kwa sauti ya chini.

"Nimekuja kwa ajili ya picha. Mimi nina duka la steshenari Kibiti. Picha hii si ya kweli."

Hafsa alimtazama vizuri. "Ingia," akasema.

Ndani, Mwinyimvua, muuza mikeka, alikuwa ameketi sakafuni karibu na kabati. Shavu lake lilikuwa limevimba na jicho moja limefumba. Mtu fulani alikuwa amemfunika mabega kwa kanga, na kando yake palikuwa na kikombe cha maji. Hakufanana sana na yule wa kwenye picha. Alikuwa mwembamba zaidi, na mzee zaidi. Lakini kofia ilikuwa kofia, gunia lilikuwa gunia, na kwa mtu mwenye hofu hivyo vilitosha.

"Shikamoo, baba," Zaitun alimwamkia.

"Marahaba, mwanangu," Mwinyimvua alijibu, kana kwamba wamekutana sokoni. Kisha akaongeza, "Mimi nina wajukuu saba. Waambie."

Haruna alifunga mlango nusu. "Mama, sikiliza tatizo letu. Koplo hapa alisoma kozi ya mambo haya, ameikagua picha tangu asubuhi."

"Nimeipitisha kwenye mashine ya kutafuta alama ya siri," Hafsa alisema. "Imejibu haikuona alama. Nikawaambia watu kwamba kutoona alama si kwamba picha ni ya kweli, maana alama hizi hufifia picha ikibanwabanwa, ikikatwa, ikipigwa upya. Hawakunisikia. Walichosikia ni kwamba polisi kakagua na hakukuta kitu."

"Na kuna Ukasha," Haruna alisema.

Ukasha alikuwa fundi simu wa pale barabarani, mtu wa miaka thelathini na kitu, na mwanawe mwenyewe alikuwa na umri wa yule mtoto wa kwenye picha. Aliposikia jina lake akausukuma mlango. Hakuwa na sura mbaya. Macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyekuwa akilia.

"Huyu mama ni nani?"

"Mwenye duka lililochapa picha," Hafsa alisema.

"Basi atuambie kampiga picha lini." Ukasha alitoa simu. "Mimi sikuipokea kwa WhatsApp. Binamu yangu wa Mtunda kanirushia faili lenyewe, kwa ile programu ya kurushiana, halijaguswa. Tazameni humu ndani. Aina ya simu iliyopiga. Jumanne, saa nne na dakika kumi asubuhi. Na ramani inaonyesha Mtunda. Na huyu babu tumemuuliza, Jumanne ulikuwa wapi, akasema mwenyewe Mtunda, anauza mikeka. Mashine haiendi Mtunda Jumanne ikatia ramani, mama."

Zaitun aliichukua ile simu. Yote aliyosema Ukasha yalikuwamo, na hakuna hata moja lililokuwa la uongo. Aliikuza picha kwa vidole viwili, na kwenye kofia ya yule mtu akaona mng'ao mweupe uliopinda, kama mwanga wa dirisha unavyopiga kwenye sahani. Akauelewa. Ulikuwa mng'ao wa laminesheni.

"Baba yangu Ukasha," alisema taratibu, "mtu kasimama kwenye zahanati ya Mtunda mbele ya bango langu, Jumanne, saa nne na dakika kumi, akalipiga picha bango. Simu yake imeandika ukweli. Imeandika lini na wapi ilipolipiga bango. Haikuandika lile bango limetoka wapi."

Akalitoa bango kwenye mkoba, akalikunjua mezani. Mtu yule yule, mtoto yule yule, na mstari wa herufi ndogo chini. Alimpigia mbele yao muuguzi wa ile zahanati, mteja wake wa siku nyingi, na muuguzi akasema ndiyo, bango lipo, wamelitia kwenye fremu ya mbao, na fremu imefunika ukingo wa chini wote. Maandishi gani? Hajapata kuona maandishi.

Haruna alipumua. Lakini Ukasha alilinusa bango, akalipitisha kidole, na kidole kikatoka na wino.

"Hili limechapwa leo," alisema. "Hata wino haujakauka. Na huyo muuguzi simjui mimi. Mtu wa steshenari ana kila kitu cha kubandika maneno. Nikikupa picha ya harusi yangu, huwezi kuniandikia chini kwamba ni ya mfano?"

"Naweza," Zaitun alikiri.

"Na tarehe ya kompyuta huwezi kuirudisha nyuma?"

"Naweza."

"Basi!"

Nje mtu alipaza sauti, "Wanahongwa huko! Mtoeni!" Jiwe likagonga bati. Mwinyimvua aliinamisha kichwa kama mtu anayepisha mvua.

Zaitun alijua kitu kimoja tu ambacho hakingeweza kuandikwa upya na mtu wa steshenari, nacho ni ile picha ya kwanza kabisa, na kona yake, na sahihi yake ndani. Ilikuwa imebaki mahali pamoja tu, kwenye akaunti ya Kudra ndani ya ile programu. Simu ya Kudra yenyewe hujaa kila wiki, naye hufuta picha zote.

Alipiga. Hapatikani. Alipiga tena. Mara ya saba iliita.

"Shangazi! Nilikuwa ndani ya boti, ndio nashuka gatini. Mtoto mzuri, kachukua pua yako, maskini—"

"Kudra, nisikilize. Picha ya mwizi wa watoto. Ifungue kule ulikoitengenezea, uniletee vile vile ilivyotoka. Usiulize. Kuna mtu atakufa."

Sauti ya Kudra ikarudi nyembamba. "Haya, shangazi."

Walingoja. Hafsa alirudi kwenye kiti chake mlangoni, akakivuta mpaka mgongo wake ukagusa mbao. Simu ikalia. Picha imefika! Zaitun aliifungua, na nyota ilikuwapo pale chini kulia, karibu na mguu wa mtoto.

"Nyota hata mimi naweza kuichora," Ukasha alisema, lakini safari hii kwa sauti ya mtu anayetaka kuaminishwa. "Ipitishe kwenye ukurasa."

Hafsa aliipokea kwenye simu yake, akaiweka kwenye ukurasa wa kukagulia. Wote wanne waliinama juu ya kioo kidogo. Faili hili halina taarifa zozote za asili yake.

Zaitun akaelewa, na nusura alie kwa hasira. Kudra alikuwa ameituma kama picha. Ni mazoea. Kidole kilikwenda chenyewe.

"Kudra! Umetuma kama picha, imebanwa! Tuma kama dokumenti!"

"Yallah! Shangazi, nisamehe, nimechanganyikiwa. Ngoja... Shangazi, bando limekwisha."

"Nakurushia."

"Mtandao hapa—" Simu ikakatika.

Nje, wale walio mbele walikuwa wameanza kusogea. Hawakukimbia. Walisogea hatua moja, wakasimama, wakasogea tena. Haruna alitoka akainua mikono, akawaambia gari linakuja, akawaita wengi wao kwa majina yao na ya baba zao. Bibi mmoja, yule aliyekuwa ametoa kanga yake, alikwenda akakaa chini juu ya moja ya matairi na miguu ameinyosha, hakusema neno. Ilibidi wamzunguke. Hakuna aliyethubutu kumwinua.

"Mama," Mwinyimvua aliita kutoka sakafuni. "Ile mikeka miwili ya rangi ni ya oda. Ya Mwajabu, pale Mohoro, ya msiba wa mumewe. Nikizuilika, mtu ampelekee."

"Utampelekea mwenyewe, baba," Zaitun alisema, na hakujua kama ni kweli.

Simu iliita. Namba ngeni.

"Shangazi, ni mimi. Kuna mama hapa muuza kaa, hata simjui, kaniwashia mtandao wa simu yake. Kasema nitumie mpaka liishe. Naipeleka sasa. Dokumenti. Nimeangalia mara mbili."

Faili liliingia polepole, kiduara kikizunguka, kikasimama, kikazunguka. Lilipofika halikuonyesha sura ya mtu, lilionyesha jina refu la herufi na tarakimu tu. Hafsa hakulifungua. Alilipeleka kwenye ukurasa kama lilivyo.

Safari hii ukurasa ulikuwa na mengi ya kusema. Ukasha ndiye aliyeyasoma, kwa kuwa alikuwa ameishika simu bila kujijua. Picha hii imetengenezwa kwa akili mnemba. Sahihi ya kampuni ni halali. Faili halijabadilishwa tangu kutiwa sahihi. Na tarehe ilikuwa ya wiki tatu nyuma, Alhamisi, saa nne kasoro.

"Hii sahihi," Hafsa alimwambia, "ukigusa picha hata kidogo kisha uilete tena hapa, ukurasa utakwambia imeguswa. Mwenye steshenari hawezi. Wewe huwezi. Mimi siwezi."

Ukasha aliiweka picha ya kwanza kando ya yake. Makunyanzi yale yale ya shati. Jani lile lile juu ya bega. Kidole kile kile cha mtoto kilichojipinda vibaya, ambacho hakuna mtu aliyekuwa amekitazama.

"Wiki tatu," alisema. "Kwa hiyo Jumanne..."

"Jumanne alikuwa ukutani," Zaitun alisema.

Ukasha aliketi kwenye ukingo wa meza. Alimtazama Mwinyimvua, jicho lake lililofumba. "Mimi nilimpiga," akasema. "Mzee, mimi nilikuwa wa kwanza."

Mwinyimvua aliinua kikombe, akanywa maji.

Ilibaki kuwaambia wa nje. Haruna alisema yeye ataongea, na Hafsa akasema yeye, lakini Zaitun alijua kwamba neno la ofisini lisingefika mpaka nyuma kwa wale wenye petroli. Alitoka. Nassibu aliposhuka kwenye pikipiki na kuja kusimama kando yake, bila kuitwa, ndipo alipoweza kufungua mdomo.

"Hiyo picha niliitengeneza mimi," alisema. "Kwa kompyuta. Ilikuwa na alama ya kuonyesha ni ya kompyuta, nikaikata, kwa kuwa niliona haipendezi. Kosa ni langu. Mzee huyu hayumo humo."

Watu walimtazama. Mtu wa katikati akacheka kwa ukali. "Tengeneza nyingine basi! Hapa hapa! Mtengeneze mtendaji kambeba mtoto, tuone!"

Wengine wakaitikia, wakainua simu tayari. Zaitun alizitazama zile simu, vioo hamsini, vinangoja. Angeweza. Ingechukua dakika moja, na wangeamini. Na kufika jioni picha ya Haruna na mtoto asiyekuwapo ingekuwa Ikwiriri, bila maelezo.

"Sitengenezi," alisema. "Nyie mtaipiga na kuituma, na kesho atakuwa Haruna sakafuni pale." Alitafuta maneno mengine, akakosa yale ya kitaalamu, akasema aliyokuwa nayo. "Nawauliza kina mama mliopo hapa. Huyo mtoto wa gauni la njano, ni wa nani? Picha ina siku ngapi inatembea? Mtunda, Kibiti, Ikwiriri, hapa. Nani kasikia mama amelia kwamba ni wake? Mimi ni mama. Angekuwa wangu ningekuwa nimeshafika hapa kwa miguu."

Mwanamke mmoja aliitazama tena simu yake, akaikuza, akaikuza zaidi. "Kweli," akasema kwa mwenzake. "Mwanawe nani huyu?" Swali likaenda nyuma, likipita mdomo kwa mdomo, na hakuna mahali lilipopata jibu. Ukasha alitoka akasimama mbele yao akasema alikosea, akaeleza ile Jumanne na lile bango. Baadhi walimwamini kwa sababu ni yeye. Wengine waliondoka kwa aibu bila kusema wameamini au la. Wachache walibaki ng'ambo ya barabara, mikono kifuani, wakitazama. Bibi aliyekuwa amekalia tairi aliomba mkono wa kumwinua.

Gari la polisi lilifika saa nane. Watu wawili waliisimamisha baiskeli ya Mwinyimvua, mmoja akamnyooshea usukani. Ukasha alikusanya mikeka mmoja mmoja, akaikung'uta vumbi, akaizungushia kamba. Alikuwa ameifuta picha kwenye simu yake. Zaitun alimuuliza alikuwa ameituma kwenye makundi mangapi.

"Kumi na moja," Ukasha alisema. "Nimewaandikia wote. Wawili ndio wamejibu."

Hafsa alikuwa anamsaidia Mwinyimvua kupanda gari pale simu yake ilipolia. Aliitazama, akamwita Zaitun kwa kidole.

Ilikuwa picha ile ile, imetoka Mohoro. Sasa ilikuwa picha ya kioo cha simu ya mtu mwingine, nyeusi zaidi, imekatwa pande zote, na mtu alikuwa ameizungushia duara jekundu usoni. Maneno ya chini yalikuwa mafupi: YUKO NJIANI KUJA HUKU.

"Mzee anakaa wapi?" Hafsa aliuliza, ingawa alijua.

"Mohoro," Mwinyimvua alijibu, kwa kuwa alikuwa amesikia. Alivua kofia yake, akaikunja mara mbili, akaitia ndani ya mkeka wa oda. Bila kofia alionekana mdogo, na kichwa chake kilikuwa na nywele chache nyeupe.

Zaitun alimwambia Nassibu arudi Kibiti, afunge duka, na amwambie Kudra asitume picha kwa mtu mwingine yeyote, atume lile faili kwa mtendaji wa Mohoro, kama dokumenti. Kisha akainua pindo la gauni, akapanda nyuma ya gari, akaketi upande wa nje wa Mwinyimvua, karibu na mlango, mahali ambapo atakayefungua atamkuta yeye kwanza.